Sikio Kuziba na Kuuma Baada ya Kushuka kwa Ndege: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana: Sikio huumia kwa sababu ndege imepanda juu sana.

Ukweli ni kwamba kupanda husumbua mara chache, na maumivu huanza ndege inaposhuka. Nyuma ya kiwambo cha sikio kuna chumba kidogo chenye hewa, yaani sikio la kati, ambacho njia yake ya kupumulia ni mrija mwembamba wa Yustakio unaofunguka nyuma ya pua. Ndege ikipaa, mgandamizo wa hewa ndani yake hupungua hadi kufikia kiwango cha mtu aliye kwenye mlima wa mita 2,400 hivi, ambacho ni robo tatu ya ule wa usawa wa bahari. Hewa iliyo katika sikio la kati hutanuka, ikausukuma mrija na kutoka yenyewe, ndiyo maana msafiri husikia milio midogo midogo sikioni bila kufanya lolote.

Wakati wa kushuka mambo hugeuka. Ukifunga chupa tupu ya plastiki ndege ikiwa juu, utaikuta imebonyea baada ya kutua, na sikio la kati nalo hukabiliwa na hali hiyohiyo. Kuta laini za mrija hugandamana na haziruhusu hewa kurudi ndani mpaka misuli ya kaakaa izivute, kazi inayofanyika tunapomeza mate au kupiga miayo. Tofauti ya mgandamizo kati ya nje na ndani ikifika takriban milimita 90 za zebaki, misuli hiyo hushindwa kabisa kuufungua mrija, na kiwango hicho kinaweza kufikiwa kabla ndege haijafika nusu ya mteremko wake. Mtu aliyesubiri maumivu makali ndipo aanze kumeza mate, basi, huenda amechelewa.

Dhana: Sikio lililoziba baada ya safari limejaa nta au maji, hivyo lisafishwe.

Hapa ndipo wengi hujiumiza. Tuchukue mfano wa msafiri mwenye mafua, ambaye utando wa mrija wake tayari umevimba, aliyelala usingizi mzito dakika 30 za mwisho za safari; aliyelala humeza mate mara chache sana. Anaamshwa na maumivu kama ya kuchomwa, kwa sababu kiwambo kimevutwa kwa ndani. Hewa ya nje isipopata njia, upungufu uliomo ndani huvuta majimaji kutoka kwenye mishipa midogo ya utando, wakati mwingine pamoja na damu, yakaanza kujaa chumba kile. Jioni maumivu yamepungua, lakini sauti anazisikia kwa mbali na yake mwenyewe inavuma kichwani.

Majimaji anayoyahisi yapo kweli, ila yako nyuma ya kiwambo, mahali ambapo pamba ya masikio haifiki na dawa ya matone haipenyi kiwambo kikiwa kizima. Kiwambo kikiwa kimetoboka, baadhi ya matone yanaweza hata kudhuru sikio. Kwa kawaida majimaji haya huondoka yenyewe kwa siku chache, pengine wiki kadhaa, na milio ya mbubujiko wakati wa kumeza ni dalili kwamba mrija umeanza kupitisha hewa. Dawa ya kawaida ya maumivu hutosha katika kipindi hicho.

Dhana: Ukibana pua, puliza kwa nguvu zote mpaka sikio lifunguke.

Kupuliza kwa nguvu kunaweza kuumiza sikio la ndani, na kwa mrija uliokwisha kubanwa hakusaidii. Njia salama ni kubana pua, kufunga mdomo na kusukuma hewa polepole kana kwamba unapenga kamasi, ukirudia kila baada ya dakika chache tangu ndege inapoanza kushuka, kabla ya maumivu. Mtu mzima mwenye mafua anaweza kutumia dawa ya kupuliza puani ya kupunguza uvimbe kati ya dakika 30 na 60 kabla ya kushuka, baada ya kuuliza kama inamfaa, na asiizoee kwa zaidi ya siku tatu. Mtoto mchanga anyonyeshwe akiwa macho, kwani kunyonya ndiko kumeza kwake.

Kizunguzungu kikali, kutosikia kwa ghafla, au damu na majimaji kutoka sikioni si mambo ya kusubiri. Daktari amwone mgonjwa siku hiyohiyo. Yule msafiri wetu, ikiwa ana tiketi ya kurudi baada ya siku mbili na sikio bado limeziba, apimwe kwanza, kwa sababu mrija uliovimba utakutana tena na mteremko uleule.