Ukumbi wa watu 100 hauchukui watu 100: dhana potofu kuhusu kupanga viti vya semina

Ukipiga simu kuulizia ukumbi hapa Tabora mjini, jibu la kwanza huwa idadi: "Unachukua watu 100, dada, karibu sana." Mwenye ukumbi hadanganyi. Ila mara nyingi amehesabu viti tu, vimepangwa safu kwa safu vikitazama mbele bila meza hata moja. Huo ndio mpangilio wa thieta, na ndio unaobana watu kuliko yote.

Hebu tuuchukue ukumbi wenye upana wa mita 8 na urefu wa mita 12. Mbele acha mita 3 za mzungumzaji na skrini. Mita 9 zilizobaki zinatosha safu 10, maana kila safu inataka sentimita 90 ili goti la mtu lisiguse mgongo wa aliye mbele. Kila safu ikiwa na viti 10, pembeni unabaki na njia mbili za kupita. Hapo kweli unapata watu 100. Sasa ingiza meza, halafu uone.

Dhana: Semina ya watu 40 itaenea tu, nafasi itabaki.

Ukweli unategemea wanakuja kufanya nini. Tuseme ni wafugaji nyuki 40 kutoka Sikonge na Uyui, wanaojifunza kupima unyevu wa asali, ambao haupaswi kuzidi asilimia 20. Wataandika, kwa hiyo wanahitaji meza. Mpangilio wa darasani unawafaa: meza za urefu wa mita 1.8, tatu kwa kila safu, watu watatu kwa meza. Kila mmoja anapata sentimita 60 za kuweka daftari na chupa ya maji. Meza na kiti chake, pamoja na nafasi ya kupita, hula mita 1 na nusu kwa kila safu, na wewe unahitaji safu tano.

Kabla ya kupanga, pima kimo cha skrini. Kanuni ninayoifuata ni kwamba wa mbele asikae karibu kuliko mara mbili ya kimo hicho, na wa nyuma asivuke mara sita, la sivyo maandishi madogo hayasomeki. Skrini ya mita 1 na nusu inakupa kuanzia mita 3 hadi mita 9. Safu zetu tano zinaingia humo barabara. Lakini ukumbi umeshajaa kwa watu 40 hadi 45, si 100.

Dhana: Mkitaka kujadiliana, pangeni U, hata mkiwa wengi.

Hili ndilo kosa ninaloliona zaidi, na linaniuma kwa sababu watu huligundua asubuhi ya semina, washiriki wakiwa mlangoni. U hukaliwa upande wa nje tu. Katika ukumbi wetu, kitako cha U ni meza tatu, yaani mita 5.4, maana kila upande lazima ubaki na mita 1.3 ya kiti na mtu wa kupita nyuma yake. Ukikalisha wawili kwa meza, kitako kinabeba sita. Kila mkono ukiwa na meza nne unabeba wanane. Jumla 22. Meza ya tano kwa kila mkono itaenda kugusa skrini.

Wengine husema basi tujaze na upande wa ndani. Jaribu uone: waliokaa ndani wanampa mgongo mwezeshaji akiingia katikati, na kila skrini inapotajwa wanageuza shingo. Nafasi ya katikati, ambayo hapa ina upana wa mita 4 hivi, ndiyo faida yote ya U. Mwezeshaji anaingia humo na kipimo chake cha unyevu, anampitishia kila mshiriki, na kila mmoja anachungulia tone la asali mwenyewe. Ukiziba katikati, hiyo si U tena.

Dhana: Thieta ni ya kubana matumizi.

Hapana. Inafaa hotuba, ufunguzi, mkutano wa saa moja au mbili wa kusikiliza. Mtu akilazimika kuandikia gotini siku nzima, daftari lake utalikuta tupu.

Kwa wale wafugaji 40, mimi ningewaweka wote darasani asubuhi. Wakati wa chakula cha mchana, vijana wawili wanahamisha meza 11 kuunda U, nyingine zinasukumwa ukutani nyuma. Wanaingia 20, wengine 20 wanafanya zoezi la kuchuja asali nje chini ya mwembe, kisha wanabadilishana. Alama za miguu ya meza zichorwe kwa chaki sakafuni jioni ya kuamkia semina, ukiwa na futikamba mkononi.