Chui wa bandani aligeuka fisi: mambo tunayodanganyana kuhusu nyayo za wanyama

Mwaka juzi mjomba wangu kule karibu na Karatu alipoteza mbuzi wawili usiku mmoja, asubuhi akanitumia picha ya unyayo kwenye tope na pembeni kaweka sarafu ya mia tano. Kwenye grupu la familia wote wakasema chui, tena kwa uhakika kabisa, eti angalia ulivyo wa duara. Nami nilikubali kwanza. Baadaye nikaitazama ile sarafu vizuri nikagundua tumedanganyika, na tangu hapo kila nikiona picha za namna hii naona watu wanarudia makosa yaleyale.

"Sarafu ni ya kuonyesha ukubwa tu"

Hapana, ina kazi nyingine na ndiyo watu hawaijui. Sarafu ni duara kamili, kwa hiyo ikionekana duara kwenye picha ujue simu ilikuwa juu yake moja kwa moja. Ikionekana kama yai, picha imepigwa kwa kuinama upande, na kila kitu kimefinywa kwenda huko huko. Ya mjomba ilikuwa yai. Nikaizumu kwenye simu nikapima kwa rula, sarafu ilikuwa na upana wa milimita 12 ila urefu milimita 9 tu. Unyayo nao upana 42, urefu 36. Ukiangalia hivyo hivyo utasema huu unyayo ni mpana kuliko urefu, mduara, paka mkubwa huyo! Sasa hesabu kwa sarafu: upana ni sarafu 3 na nusu (42 gawanya kwa 12), urefu ni sarafu 4 (36 gawanya kwa 9). Sarafu yenyewe ina kama sentimita 2.7, kwa hiyo unyayo una upana wa kama 9.5 na urefu wa karibu 11. Ni mrefu kuliko upana, ule uduara ulitoka kwenye simu, haukutoka kwa mnyama.

Na sarafu iwekwe chini, usawa mmoja na unyayo, isiwe juu ya kingo ya tope. Ikikaa juu inakuwa karibu na kamera, inaonekana kubwa, unyayo unaonekana mdogo kuliko ulivyo. Halafu tope laini linapanuka juu mguu unapotoka, mchanga mkavu ndo kabisa unaporomoka, kwa hiyo pima pale chini mguu ulipokanyaga, usipime mdomo wa shimo.

"Vidole vinne maana yake mnyama ana vidole vinne"

Chui na simba miguu ya mbele wana vidole vitano, ila cha tano kiko juu hakigusi ardhi, mbwa naye wa kufugwa hivyo hivyo. Fisi madoa ndiye ana vinne kweli, mbele na nyuma. Kwa hiyo kuhesabu vinne kunakuambia tu kwamba umebaki na kundi la chui, simba, duma, mbwa, fisi na wenzao. Ukiona vitano na mbele yake kuna alama za kucha ndefu ziko mbali na vidole, hapo fikiria nyegere. Kuhesabu kunaondoa watu kwenye orodha, hakutaji jina la mtu.

"Kucha zikionekana ni mbwa, zisipoonekana ni chui"

Hii ndo imeenea kuliko zote na inakosewa kotekote. Duma ni jamii ya paka lakini kucha zake haziingii ndani zote, kwa hiyo alama zake huwa na kucha. Chui mwenyewe akiteleza kwenye tope anatoa kucha ili ashike. Na upande wa pili, mbwa au fisi akipita kwenye ardhi ngumu au mchanga mkavu kucha unaweza usizione kabisa, maana za fisi ni fupi, butu, na ziko karibu sana na kidole.

Mimi siku hizi naanza na ule mnofu mkubwa ulio nyuma ya vidole, naomba niuite kitako. Wa chui, simba na duma ukingo wake wa nyuma una mabonde mawili yanayotoa vinundu vitatu, ukishaona mara moja hutasahau. Wa fisi umekaa upande, yaani nyuma umekatwa mshazari, upande mmoja umeshuka kuliko mwingine, na vidole vyake ni vinene vimejipinda kama maharage. Nikarudi kwenye picha ya mjomba: hakuna vinundu vitatu, kitako kimekaa mshazari. Na mbele ya vidole viwili vya kati kulikuwa na vidoti vidogo ambavyo sote tulidhani ni uchafu.

"Picha ya unyayo mmoja inatosha"

Haitoshi, nikamwomba mjomba arudi afuate njia aliyopita mnyama. Akakuta unyayo mkubwa na mwingine mdogo vinapishana njia nzima, akaniambia sasa walikuwa wawili, mama na mtoto. Lahasha! Fisi miguu ya mbele ni mikubwa wazi kuliko ya nyuma, na akitembea ule wa nyuma unatua juu ya wa mbele au karibu yake. Chui naye akinyata anakanyaga palepale alipokanyaga mguu wa mbele, mpaka mtu anaweza kudhani amepita kiumbe wa miguu miwili.

Hapo hapo kuna lile la kwamba fisi anachechemea. Mnyama anayechechemea anaacha hatua fupi, ndefu, fupi, ndefu, kwa sababu hataki kukaa muda mrefu kwenye mguu unaouma. Mjomba alipima kwa fimbo, hatua zilikuwa sawasawa. Fisi miguu yake ya mbele ni mirefu kuliko ya nyuma, mgongo umeinama, ndo macho yetu yanaona kilema ambacho ardhi haikioni.

Na kukosea nyayo si kwetu tu wa kijijini. Pale Laetoli, Ngorongoro, mwaka 1976 zilipatikana nyayo tano mfululizo kwenye majivu ya volkano ya miaka kama milioni 3.66, na zilikuwa na maumbo ya ajabu hadi ikapendekezwa kuwa labda ni dubu aliyesimama wima. Mwaka 2019 zikafukuliwa upya na kusafishwa, na mwaka 2021 watafiti wakatangaza kuwa ni za jamii ya binadamu wa kale. Walitazama kisigino kipana, ukubwa wa kidole gumba ukilinganisha na cha pili, na mwendo: mguu mmoja ulivuka mbele ya mwingine, kitu ambacho dubu akitembea wima hakifanyi.

Turudi kwa mjomba. Alikuwa ameshanunua miti ya kuinua ua, maana chui anaruka juu. Baada ya kukubali kuwa ni fisi akazunguka boma akiangalia chini, na upande wa nyuma kabisa akakuta miba imesukumwa, pana tundu la kupita kifua cha mtu, na kwenye udongo wake unyayo mwingine, huu safi, na kucha zote nne zinaonekana.