Ujumbe mmoja wa saa za kazi kwa msaidizi wa nyumbani

Nasuluhisha migogoro kati ya waajiri na wasaidizi wa kazi za nyumbani, na mingi ninayoletewa haianzii kwenye mshahara. Huanzia kwenye maneno kama "utapumzika Jumapili, tukiwa hatuna wageni". Mwajiri anaona ametoa siku ya mapumziko. Msaidizi anajua hana siku, ana ahadi tu.

Dawa ninayopendekeza ni ujumbe mfupi wa simu, unaoandikwa baada ya wawili hao kukaa na kukubaliana. Mkataba Na. 189 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 2011, unataka msaidizi aelezwe masharti ya kazi kwa njia anayoielewa kwa urahisi na inayoweza kuthibitishwa, ikiwezekana kwa mkataba wa maandishi. Ujumbe hauchukui nafasi ya mkataba huo wa maandishi, wala hauwezi kupunguza haki iliyomo kwenye sheria ya nchi. Kazi yake ni kuweka wazi ratiba ambayo wote wawili wanaweza kuifungua na kuisoma.

Chukua nyumba ambamo msaidizi analala hapo hapo. Mwajiri angeandika hivi:

"Habari dada. Kama tulivyokubaliana leo: Jumatatu hadi Ijumaa kazi ni saa 12:30 asubuhi hadi 5:30, kisha saa 9:00 alasiri hadi 12:00 jioni. Jumamosi ni saa 1:00 asubuhi hadi 6:00 mchana. Jumla ni saa 45 kwa wiki. Mapumziko yako ni kuanzia Jumamosi saa 6:00 mchana hadi Jumatatu saa 12:30 asubuhi, na uko huru kutoka. Mabadiliko nitakuandikia hapa mimi mwenyewe, siku 2 kabla. Kama hujajibu kwamba umekubali, ratiba inabaki hii. Ukifanya kazi siku ya mapumziko, tutapanga siku nyingine ndani ya wiki inayofuata."

Hesabu yake ni saa 8 kwa siku 5, yaani 40, na 5 za Jumamosi. Kabla ya kutuma, kagua ile nafasi ya mchana. Ikiwa chakula kinaandaliwa saa 7:00, au mtoto anaachwa mikononi mwake wakati huo, basi hayo si mapumziko na jumla ya 45 si ya kweli. Ongeza saa hizo au hamisha kazi. Vivyo hivyo usiku: anayelala na mtoto mchanga na kuamka kila anapolia yuko kazini. Mkataba Na. 189 unataka hata muda ambao mtu hayuko huru kufanya mambo yake kwa sababu anasubiri kuitwa uhesabiwe kuwa saa za kazi, kwa kiwango kilichowekwa na sheria, makubaliano ya pamoja au utaratibu mwingine wa nchi husika.

Mapumziko ya wiki, kwa mujibu wa mkataba huo, hayapungui saa 24 mfululizo. Neno "mfululizo" ndilo linalosahaulika zaidi. Nusu ya Jumatano na nusu ya Jumapili haziunganiki kuwa siku. Wala msaidizi halazimiki kubaki nyumbani wakati huo, ndiyo maana ujumbe unasema yuko huru kutoka. Ukisikia anauliza, "Mama, Jumapili hii naweza kutoka?", jua kwamba siku yake bado haijawekwa. Aliye na siku hutoa taarifa anakokwenda akitaka, haombi ruhusa.

Sehemu ya mabadiliko ndiyo ninayoisisitiza kuliko zote. Nyumba huwa na mabwana wengi: baba anasema hivi asubuhi, mama anasema vingine jioni, na mtoto anatumwa kusema "mama amesema usitoke". Chagueni mtu mmoja wa kutangaza, na mahali pamoja pa kutangazia. Msaidizi naye awe na nafasi ya kusema hapana, kwa sababu huenda ameshapanga kwenda kliniki au kumwona mwanawe. Ukimya wake usihesabiwe kuwa ndiyo. Anayeishi kwako anaweza kunyamaza kwa hofu tu. Kama hasomi vizuri, mtumie ujumbe wa sauti wenye maneno hayo hayo, naye ajibu kwa sauti.

Dharura haisubiri siku 2. Mtoto akiugua usiku, msaidizi ataamka. Asubuhi yake mwajiri aandike: "Jana usiku ulifanya kazi kuanzia saa 4:00 hadi saa 7:00. Leo anza kazi saa 9:00 alasiri." Na kumlipa kwa Jumapili aliyofanya kazi hakufuti mapumziko: Pendekezo Na. 201, linaloandamana na mkataba huo, linataka apewe mapumziko ya fidia hata kama amelipwa fedha.