Picha ya ushahidi si picha iliyotoka vizuri

Siku hizi kila picha ya bampa lililopasuka inaitwa picha ya ushahidi. Kwenye madai ya bima jina hilo lina kazi maalumu: ni picha inayomwezesha mtu ambaye hakuwepo, yaani mkadiria hasara, kujua kitu hiki ni kipi, kimeumia wapi na kimeumia kiasi gani, bila kukupigia simu kuuliza. Picha isiyojibu hata moja kati ya hayo ni kumbukumbu tu, hata iwe imetoka safi namna gani.

Maana yenyewe haina utata. Panapoharibika ni kwenye kuchagua. Gari limegongwa, mwenyewe kapiga picha karibu arobaini, wakala anamwambia atume kumi zilizo klia. Anakaa na simu, anafuta zilizotikisika, anabakiza kumi zinazong'aa kuliko nyingine, anatuma. Saba kati ya hizo kumi ni bonyeo lilelile. Baada ya muda madai yanarudi na maswali: namba za gari ziko wapi, upande wa kulia ukoje, buti linafunga? Mwenye gari anashangaa, maana picha alizotuma zinaonekana vizuri kabisa. Ni kweli zinaonekana. Ila zimechaguliwa kwa kipimo kimoja badala ya viwili.

Vipimo hivyo ni uwazi na ukamilifu, na watu wanavichanganya kana kwamba ni kitu kimoja. Uwazi ni sifa ya picha moja: unaitazama, unaona au huoni. Ukamilifu ni sifa ya picha zote kwa pamoja: je, ukizipanga mezani, gari zima limefikiwa au kuna sehemu haikuguswa? Huwezi kuupima ukamilifu kwa kutazama picha moja moja, na ndiyo maana anayefuta huku anapitia simu huishia kufuta picha pekee aliyokuwa nayo ya sehemu fulani, kwa sababu tu ilikuwa na giza kidogo.

Kwa hiyo utaratibu una mpangilio wake. Kwanza unazigawa picha kwa makundi kulingana na kitu kinachoonyeshwa. Ukishamaliza kugawa ndipo uwazi unaingia kazini, kuchagua iliyo bora ndani ya kila kundi. Picha ya kundi moja haishindanishwi na ya kundi lingine. Picha ya wastani ya namba ya chesisi, kama ndiyo pekee, inaingia. Picha ya tisa ya bonyeo, hata ingekuwa kali kama ya studio, inabaki nje.

Tuchukue mfano. Toyota IST imegongwa na bajaji kona ya nyuma kushoto, pale Isevya, Tabora. Bampa limepasuka, fenda ya nyuma imebonyea, taa imepona. Simu ina picha 38. Ukizigawa unapata hivi: picha 9 za gari zima kutoka pembe mbalimbali, 14 za bampa, 8 za fenda, 3 za taa, 2 za pleti namba, na 2 za bajaji na barabara. Ukiishia hapo utadhani mambo mazuri. Lakini kugawa kunakuonyesha pia makundi ambayo hayana kitu: katika zile picha 9 hakuna hata moja iliyopigwa kutoka kona ya mbele kulia, hakuna picha ya ndani ya buti, hakuna ya namba ya chesisi, hakuna ya kilomita kwenye dashibodi. Mapengo hayo hayazibwi na picha za bampa. Yanazibwa kwa kurudi kwenye gari na kupiga, na ndiyo sababu uchaguzi unafanywa siku hiyohiyo, kabla fundi wa bodi hajashika nyundo.

Kwa nini picha za kona zote nne, wakati iliyoumia ni moja? Ukisimama usawa wa kona, hatua tano au sita kutoka kwenye gari, unapata pande mbili kwa picha moja, hivyo picha nne zinazunguka gari lote. Zile kona nzima zinamwambia mkadiria kwamba dai linaishia pale linapoishia. Na kama mlango wa kulia una mkwaruzo wa mwaka jana, acha uonekane. Mkwaruzo wa zamani huwa na kutu au vumbi lililoganda ndani yake. Uliotokea leo kwenye bati unaacha chuma kinachong'aa, na mara nyingi rangi ya chombo kilichogonga hubaki juu yake. Mkadiria anazitofautisha haraka. Anachokitilia shaka ni upande uliokosekana.

Kundi linalosahaulika kuliko yote ni la picha ya kati. Watu wana za mbali na za karibu, katikati hakuna kitu. Picha ya karibu ya ufa kwenye plastiki nyeupe inaweza kuwa ya bampa la gari lolote jeupe nchini. Kinachoifunga na gari lako ni picha iliyopigwa kama hatua mbili nyuma, ambayo ndani yake kuna ufa huo huo, taa ya kushoto na pleti namba kwa pamoja. Ukitaka kujua kama mnyororo umeshikana, tazama picha yako ya karibu: je, ina ukingo wa taa, au skrubu, au alama yoyote inayoonekana pia kwenye picha ya kati? Kama haina, chagua nyingine kutoka kundi lile la picha 14, hata kama ni butu kidogo.

Kwenye IST hii kuna sehemu mbili zaidi zinazobeba gharama kuliko bampa lenyewe. Ya kwanza ni pengo kati ya mlango wa buti na fenda. Likiwa jembamba juu na pana chini, bodi imesogea. Picha moja ya pengo hilo haisemi kitu. Zinatakiwa mbili, ya kushoto na ya kulia, kutoka umbali uleule, ili upande mzima uwe kipimo cha ule ulioumia. Ya pili ni sakafu ya buti chini ya tairi la akiba. Toa tairi, toa zulia, piga. Bati likiwa na mikunjo, au rangi imepasuka kwenye maungio, makadirio yanabadilika kabisa, na ukitengeneza bampa kabla ya kuionyesha sehemu hiyo utakuwa na kazi kubwa ya kueleza baadaye.

Sasa uwazi, ambao nao unaeleweka vibaya. Wengi wanaupima kwa kuangalia picha ikiwa ndogo kwenye kioo cha simu, ambapo karibu kila picha inapendeza. Ikuze. Kwenye picha ya mbali usome namba za gari, kwenye picha ya karibu usome mistari ya milimita ya rula uliyoiweka kando ya ufa. Mistari ikionekana miwili miwili kuelekea upande mmoja, mkono ulitikisika. Kokoto za chini zikiwa kali na bampa likiwa na ukungu, simu ililenga kokoto. Hilo hutokea hasa ukisogea karibu mno, kwa sababu kamera za simu nyingi hushindwa kulenga chini ya sentimita kumi hivi. Na ukiona namba zimemezwa na weupe, ni flashi: pleti imetengenezwa irudishe mwanga, nayo inaurudisha wote kwako.

Lakini kuna picha inayofaulu vipimo vyote hivyo na bado haifai, nayo ni picha ya bonyeo iliyopigwa kutoka mbele moja kwa moja. Bonyeo halina rangi yake. Linaonekana kwa jinsi mwanga unavyopinda juu ya rangi ya gari. Ukisimama uso kwa uso na fenda jua likiwa nyuma yako, fenda iliyoingia ndani sentimita tatu inaweza kuonekana bapa kabisa, na picha ikawa kali kuliko zote ulizonazo. Katika zile picha 8 za fenda, tafuta iliyopigwa kwa upande, kamera ikiwa karibu usawa wa bati, ambapo kivuli cha ukingo wa paa au cha waya wa umeme kinachoakisiwa kwenye rangi kinavunjika ghafla. Pale kinapovunjika ndipo bonyeo lilipo, na urefu wa kuvunjika kwake ndio ukubwa wa bonyeo. Hiyo inaishinda ile bapa, hata ikiwa haina ukali uleule.

Na miembe ya Tabora, pamoja na wema wake wote, si rafiki wa picha hizi. Kivuli cha majani kinarusha madoa ya mwanga na giza juu ya bodi, bonyeo linajificha katikati ya madoa, na mahali pazima panaonekana pameumia. Picha zote zilizopigwa chini ya mwembe ziweke pembeni kama kuna nyingine. Kama hakuna, sogeza gari, au likiwa haliendi subiri jua lishuke kivuli kiondoke.

Mwisho wa kuchagua, IST yetu ina picha 15: kona nne, moja ya kati, mbili za bampa kwa karibu (yenye rula na isiyo na rula), mbili za fenda, mbili za mapengo, moja ya sakafu ya buti, moja ya namba ya chesisi iliyogongwa kwenye ukuta nyuma ya injini, moja ya kilomita, na moja ya bajaji ikiwa mahali ilipogongea. Za taa zote zimetoka, maana taa ni nzima na inaonekana hivyo kwenye picha ya kati.

Hizo 15 zisikatwe, zisiongezwe mwanga, zisichorwe duara jekundu. Duara lichore kwenye nakala. Na ukizituma kwa WhatsApp kama picha za kawaida, zinapunguzwa ukubwa na taarifa za saa na mahali zilipopigwa zinaondolewa, hivyo milimita za rula ulizozisoma kwenye simu yako mkadiria hatazisoma kwake. Zitume kwa njia ya Document, na zile nyingine zote zibaki kwenye simu mpaka malipo yatoke.

Basi wakala akikuambia "nitumie kumi zilizo klia", hajakosea sana, amefupisha tu. Muulize kumi hizo anataka zionyeshe nini na nini, kisha mwambie unazo 15 na kila moja ina sehemu yake. Mara nyingi atasema tuma zote.