Geji ikisoma 28: dhana potofu kuhusu hewa inayobanwa

Asubuhi moja ya Julai nilikuwa Mbeya, kwenye gereji, nikisubiri gari langu. Fundi alikuwa amechomoa plagi za hita za injini ya dizeli na kufunga geji ya kompresheni kwenye silinda ya kwanza. Msaidizi akapiga starta, sindano ikapanda na kusimama kwenye baa 28.

"Fundi, geji hii imekufa," akasema kijana mmoja aliyekuwa mafunzoni. "Injini ni 18 kwa 1. Hewa ya hapa ni baa 0.83. Ukiibana mara 18 unapata 15, sasa 28 imetoka wapi?"

"Mwanangu, geji nimeinunua juzi."

Nilikaa kimya, lakini hesabu ya yule kijana ni ile ile ninayoikuta kila mwaka kwenye daftari za wanafunzi.

Dhana: ukiibana hewa mara 18, presha nayo inapanda mara 18

Hiyo ni kanuni ya Boili, na ina sharti lake: halijoto isibadilike. Sharti hilo linatimia ukiibana hewa taratibu kiasi kwamba joto lote linapata muda wa kutoka kupitia kuta za silinda. Pistoni ya injini haisubiri hivyo. Hewa inabanwa joto likiwa halijapata nafasi ya kutoka, na mgandamizo wa namna hiyo ndio unaoitwa wa adiabati. Kama pia unaweza kurudishwa nyuma hatua kwa hatua bila kupoteza kitu, kanuni zake ni hizi:

```
T2 = T1 × r^(γ−1)
P2 = P1 × r^γ
```

Hapa `r` ni uwiano wa ujazo wa mwanzo kwa wa mwisho, na `γ` ni uwiano wa joto mahususi la gesi presha isipobadilika kwa lile la ujazo usiobadilika. Kwa hewa ya kawaida `γ` ni 1.4. Kwa hiyo 18 kwa kipeo cha 0.4 ni 3.18, na 18 kwa kipeo cha 1.4 ni 57.2. Presha ya mwisho pale Mbeya ingekuwa 0.83 × 57.2, yaani baa 47.5. Geji inahesabu kuanzia presha ya nje, kwa hiyo ingeonyesha kama 46.6. Kumbe 28 si kubwa mno, ni ndogo mno! Tutaifikia.

Dhana: joto halikuingia, basi joto haliwezi kupanda

Kwa kosa hili nailaumu lugha zaidi kuliko wanafunzi. Mtaani neno "joto" linabeba vitu viwili: nishati inayotoka kwenye kitu cha moto kwenda cha baridi, na namba inayosomwa kwenye kipimajoto. Vitabu vimetenganisha, hii ya pili ni halijoto, lakini mdomo haujatenganisha. Adiabati inazuia ile ya kwanza tu. Halijoto inapanda kwa sababu pistoni imefanya kazi juu ya hewa, na nishati ya kazi hiyo imebaki humo humo ndani.

Wengine hukubali kwamba inapanda, kisha wakasema ni msuguano. Sivyo. Piga mpira kwenye ukuta, unarudi na mwendo karibu ule ule. Mpira huo huo ukikutana na mguu unaokuja mbele, unarudi kwa kasi zaidi. Molekuli zinazogonga pistoni inayopanda zinafanyiwa hivyo hivyo, na molekuli zenye kasi zaidi ndiyo maana yenyewe ya gesi yenye halijoto kubwa zaidi. Hata pistoni isiyo na msuguano wowote ingepasha hewa.

Dhana: weka nyuzi za Selsiasi, jibu litatoka tu

Litatoka, ila litakuwa la maji ya kuoga. Asubuhi ile ilikuwa nyuzi 17. Ukizidisha 17 kwa 3.18 unapata nyuzi 54, na hakuna dizeli itakayowaka hapo. Kanuni inataka kelvini: 17 jumlisha 273 ni kelvini 290, mara 3.18 ni 922, yaani nyuzi 649 za Selsiasi. Presha nayo iwe kamili, si ile ya geji.

Angalia pia kwamba presha ya mwanzo haimo kabisa kwenye kanuni ya halijoto. Hewa nyepesi ya Mbeya haiifanyi silinda iwe na ubaridi kuliko ya Dar es Salaam. Kinachofanya hivyo ni baridi ya asubuhi.

Dhana: `γ` ni 1.4 siku zote

Ni 1.4 kwa sababu molekuli za naitrojeni na oksijeni zina njia tano za kuweka nishati: tatu za kwenda huku na huku, mbili za kuzunguka. Moja jumlisha 2/5 ni 1.4. Gesi ya argoni, yenye atomu moja moja, ina tatu tu, hivyo `γ` yake ni 1.67, na kwa mbano ule ule ingefika karibu kelvini 1,990. Nishati inayoingia ina njia chache za kujigawa.

Hewa yenyewe ikipata moto, molekuli zinaanza pia kutetemeka na `γ` inashuka. Kwenye kelvini 900 ni kama 1.34. Ukifuata mabadiliko hayo, halijoto ya mwisho si 922 bali karibu 870, ambayo ni kama nyuzi 600, na presha ni karibu baa 45.

Dhana: kadiri unavyobana haraka, ndivyo kanuni inavyokuwa sahihi

Haraka inasaidia mpaka mahali fulani. Kwenye mizunguko 2,000 kwa dakika, pistoni inapanda kwa sekunde 0.015. Joto halipati muda wa kutoroka, lakini mwendo wake, mita chache kwa sekunde, bado ni mdogo sana mbele ya mwendo wa sauti, kwa hiyo presha inasawazika ndani ya silinda nzima. Hali hizo mbili pamoja ndizo kanuni inazozitaka.

Sasa chukua hewa ya kelvini 300 na uidondoshee uzito ghafla, presha ya juu yake iwe maradufu papo hapo. Kanuni ingetabiri kelvini 366. Itakapotulia utakuta 386, kwa sababu uzito umesukuma kwa nguvu yake yote tangu mwanzo, na ziada hiyo hairudishiki.

Starta ina tatizo la upande wa pili. Inazungusha injini kama mara 200 kwa dakika, kila mbano unachukua sekunde 0.15, na kuta za chuma ni za baridi. Joto linatoroka. Vali ya kuingiza hewa nayo hufunga pistoni ikiwa imeshaanza kupanda, ringi zinavujisha kidogo, na bomba la geji linaongeza ujazo. Ndiyo sababu geji, ambayo ingeonyesha kama 44, inasoma 28.

Tukipuuza uvujaji, vali na bomba, geji ile inatupa hata makisio ya halijoto. Presha kamili ni 28.83, mara 34.7 ya ile ya mwanzo, huku ujazo ukiwa umepungua mara 18. 290 × 34.7 ÷ 18 ni kelvini 559, yaani nyuzi 286. Dizeli huanza kujiwasha yenyewe kidogo juu ya nyuzi 200, lakini karibu na mpaka huo inachelewa, na pistoni haimsubiri mtu. Fundi alirudisha plagi za hita, akasubiri taa ya dashibodi izime, kisha akapiga starta.