Uji wa moto na uji salama: "ukanda wa hatari" unaanzia wapi hasa

Uji wa mtoto umepikwa alfajiri, umemiminwa kwenye chupa ya chai, na mchana mtu anamimina kidogo, anaonja kwa ncha ya ulimi, anasema: "Bado wa moto, haujaharibika." Kauli hiyo nimeisikia kwa kina mama, kwa dada wa kazi, hata kwa watu waliosoma masomo ya lishe, na wengine huongezea kwamba chakula chao "hakijaingia ukanda wa hatari" kwa sababu hakijapoa. Hapo ndipo panapohitaji kunyooshwa.

Ukanda wa hatari ni kiwango cha joto ambacho bakteria wa chakula huweza kukua na kuzaana. Shirika la Afya Duniani linautaja kuwa kati ya nyuzi 5 na nyuzi 60 za Selsiasi. Chini ya 5 bakteria wengi huzubaa, juu ya 60 hawazaani. Maana yake ni hiyo tu.

Tatizo ni kwamba wengi wakisikia "ukanda wa hatari" wanafikiria chakula kilichopoa mezani, kile chenye utando juu na nzi pembeni. Hawafikirii chakula cha moto. Lakini ukitazama namba, ukanda huo unafika mpaka 60, na nyuzi 50 mkononi ni moto kabisa. Ukitia kidole kwenye uji wa nyuzi 50 utakitoa haraka. Ulimi nao utakwambia ni moto. Kwa hiyo ngozi yako inaita "moto" kitu ambacho bado kimo ndani ya ukanda. Kipimajoto cha homa hakikusaidii hapa, kwa sababu kile cha zebaki kinaishia nyuzi 42. Kinachofaa ni kipimajoto cha chakula, chenye sindano ndefu ya kuchomeka katikati ya chakula.

Na katikati ya ukanda huo si mahali pa bakteria kuponea tu, ni mahali pao pa raha. Bakteria wengi wanaotuumiza wamezoea miili ya watu na wanyama, kwa hiyo hustawi kwenye joto la mwili, karibu na 37. Yupo hata anayependa joto zaidi ya hapo: yule wa nyama na mchuzi mzito, Klostridiamu pafrinjensi, hukimbia kwa kasi kubwa kabisa kwenye nyuzi 43 hadi 46.

Sasa turudi kwenye chupa. Chupa ya chai haina joto lake. Ndani ina kuta mbili, na katikati ya kuta hizo hewa imenyonywa, ili joto lisipate njia ya kupita. Ile ya kioo imepakwa pia rangi ya fedha inayorudisha mionzi ya joto ndani. Mwanasayansi James Dewar aliyeibuni mwaka 1892 hakuwa na shida ya chai. Alikuwa anahifadhi gesi zilizopozwa mpaka kuwa kimiminika, yaani vitu vya baridi kali kupita kiasi. Chupa haijui moto wala baridi, inachelewesha tu mabadiliko. Ukiipa kitu cha nyuzi 95 itakulindia 95 ishuke polepole, na ukiipa kitu cha nyuzi 50 itakulindia hiyohiyo 50, kwa uaminifu uleule.

Uaminifu huo ndio unaoumiza kwenye uji wa mtoto. Mama anajua mtoto hawezi kula uji unaochemka. Kwa hiyo anaupika, anaukoroga mpaka upoe "wa kumfaa mtoto", halafu ndipo anaumimina kwenye chupa ili kila saa ya kula ikifika uwe tayari. Nia ni njema kabisa. Lakini hebu tuufuate uji huo kwa hesabu.

Chukua chupa nzuri ya lita moja, kwenye nyumba yenye joto la nyuzi 28. Tuseme ni chupa ambayo ukiijaza uji wa nyuzi 95 saa kumi na mbili asubuhi, saa sita mchana unaukuta na nyuzi 70. Hiyo ni chupa ya kupongezwa. Kitu cha moto hupoteza joto kwa kasi inayolingana na tofauti yake na hewa ya nje, kwa hiyo ukijua ilivyofanya kwa 95 unaweza kukadiria itakavyofanya kwa joto jingine. Ile tofauti ya nyuzi 67 imebaki 42, yaani zimebaki kama sehemu sita kati ya kumi. Basi uji ulioingia na nyuzi 50, tofauti yake na hewa ikiwa 22, saa sita mchana utabakiwa na tofauti ya kama 14. Una nyuzi 42.

Tazama ulikopita. Tangu asubuhi mpaka mchana umekaa kati ya 50 na 42, na baada ya hapo unaendelea kushuka taratibu kuelekea 37, usiku ukija bado vuguvugu. Uji uleule ungeachwa kwenye sufuria mezani ungekuwa umeshuka mpaka joto la nyumba mapema zaidi, na ingawa huko nako ni ndani ya ukanda, bakteria wanazaana taratibu kuliko kwenye 37 au 40. Kwa maneno mengine, kwa uji ulioingizwa vuguvugu, chupa ni mbaya kuliko meza. Wanaototolesha vifaranga kwa mashine wanajua jambo hili: ukitaka kitu kiumbike, kipe joto la kadiri na usilibadilishe.

Mtu atauliza: bakteria watoke wapi, na uji umechemka? Baadhi yao hawafi kwa kuchemka. Basilasi siriasi, ambaye hukaa udongoni na kwa hiyo huwa kwenye mchele, mahindi, ulezi na nafaka nyingine, hujifunga ndani ya mbegu ngumu inayoitwa spora. Kuchemsha kunaua bakteria walio hai na kuziacha spora nyingi salama, tena joto la kuchemka linaweza kuziamsha. Uji ukishuka kwenye joto la kuwafaa, zinachipua kwenye chakula kisicho na mshindani. Wengine huingia baada ya mapishi: maziwa mabichi au ya unga yaliyoongezwa uji ukiwa umeshapoa, mwiko uliolala juu ya meza, au mpira wa kizibo ambao chini yake kuna utando wa maziwa ya juzi. Kizibo kinaoshwa kwa kuutoa ule mpira, si kwa kukisuuza juu juu.

Wakipata joto na chakula, bakteria mmoja anaweza kuwa wawili ndani ya dakika 20. Kwa saa moja hiyo ni mara tatu, kwa muda wa saa sita ni mara 18, na kitu kikijirudufu mara 18 kinafika 262,144. Kwa kweli huwa wanachelewa kidogo mwanzoni, lakini unaona mwendo ulivyo. Na wewe huoni kitu, kwa sababu uji wenye bakteria hao unaweza kuwa na harufu yake nzuri ya ulezi bila uchachu wowote. Pua yako inajua kugundua maziwa yaliyolala, haijui Basilasi siriasi.

"Basi nitauchemsha tena." Hapa pia naomba tusimame. Kuchemsha tena kunaua bakteria wenyewe, ila Basilasi siriasi wa aina inayoleta kutapika huwa ameshaacha sumu ndani ya chakula, na sumu hiyo haivunjiki kwa moto wa jikoni. Mtoto anaanza kutapika kati ya nusu saa na saa sita baada ya kula, na nyumbani watasema ni meno yanaota.

Njia sahihi inageuza mpangilio tu. Chupa husuuzwa kwanza kwa maji ya uvuguvugu, hasa ya kioo isije ikapasuka, halafu hujazwa maji yanayochemka na kufungwa kwa dakika kama tano, ili kuta zake zisinyonye joto la uji. Maziwa au karanga huingia sufuriani na kuchemka pamoja na uji, si baadaye. Maji yanamwagwa, uji unaingia palepale ukitoka jikoni, mpaka karibu na kizibo. Kupoza kunafanyika kwenye bakuli la mtoto, kwa kiasi cha mlo mmoja, na kinachobaki bakulini hakirudi kwenye chupa.

Kujaza chupa si jambo dogo. Uji nusu chupa una nusu ya joto la kupoteza, huku kuta na kizibo vikiuvuta karibu kwa nguvu ileile. Chupa yetu ile, ikiingizwa nusu tu kwa nyuzi 95, saa sita mchana itakuwa kwenye 54 hivi badala ya 70, tayari ndani ya ukanda. Ndiyo maana uji uliochotwa asubuhi na saa nne haufai kuachwa humo mpaka jioni, hata kama asubuhi uliingia ukitokota. Wa jioni upikwe jioni.

Maji matupu ni habari nyingine, maana ndani yake hamna cha kuwalisha bakteria. Maji yaliyochemka yakipoa ndani ya chupa hayafanyi vituko vya uji, na chai ya rangi nayo haina shida kubwa. Chai ya maziwa ihesabu pamoja na uji. Kwa mtoto wa maziwa ya kopo, ni afadhali chupa ibebe maji ya moto na unga ubaki mkavu kwenye kopo lake. Maziwa yachanganywe saa ya kunywa, maji yakiwa hayajashuka chini ya nyuzi 70, kisha yapozwe.

Kama huna kipimajoto cha chakula, kipo kipimo kimoja cha bure, na kinapingana na kile cha ncha ya ulimi. Uji unaotoka kwenye chupa ukiwa juu ya 60 haulishiki. Utatoa mvuke, utaupuliza, utaukoroga, mtoto atalia kwa kusubiri. Ukiumimina na kijiko cha kwanza kikaenda moja kwa moja mdomoni bila kupuliza, uji huo umeshakuwa ndani ya ukanda, na swali lililobaki ni kwa muda gani. Dada anayekwambia "uko tayari, hauunguzi" hajakosea kuhusu ulimi wa mtoto. Mwombe tu kesho aumimine ukiwa bado unaunguza.