Kwa nini Kikashmiri kwenye simu hupoteza alama zake?

Je, ni kwa nini Wakashmiri, watu wa Kashmiri kaskazini mwa India, wakiandikiana kwa lugha yao kwenye simu, alama za irabu huwa hazionekani?

Sababu kubwa ni kwamba wengi wao huandika kwa kibodi ya Kiurdu, na Kiurdu hakina nyingi za sauti ambazo alama hizo huonyesha. Kikashmiri huandikwa kwa herufi za Kiarabu zilizopitia Uajemi, na kina irabu zipatazo 16, nane fupi na nane ndefu. Alama tatu za irabu za Kiarabu, yaani fat-ha, kasra na dhuma, haziwezi kubeba mzigo huo. Wazee wa Lamu na Mombasa waliikuta shida hiyo kwa irabu tano tu, walipotafuta namna ya kutenganisha *e* na *i*, au *o* na *u*, kwa hati ya Kiarabu.

Wakashmiri walijibu kwa kuongeza alama. Hamza ndogo juu ya herufi huonyesha irabu ya katikati ya kinywa ambayo Kiswahili hakina. Hapa nitaiandika *ə*. Ikirefuka mwanzoni au katikati ya neno, huandikwa kwa alifu yenye hamza ya mawimbi, yaani ٲ. Wau nayo huvishwa kijiduara au kijipembe juu, ikawa ۄ au ۆ, kila moja na sauti yake. Kisha iko yee ya pekee, ؠ, ambayo si irabu kamili: huonyesha kwamba konsonanti iliyotangulia imelainishwa, kama vile ina *y* nyepesi nyuma yake.

Mwarabu huandika bila irabu fupi na akasomeka, kwa kuwa msomaji hutambua mzizi na umbo la neno. Kikashmiri hakina bahati hiyo, maana sarufi yake imekaa ndani ya irabu zenyewe. Chukua kitenzi cha kuwa, wakati uliopita. "Alikuwa" kwa mwanamume ni *oos*, اوس. Kwa mwanamke ni *əəs*, ٲس. Kwa wanaume wengi ni *əəs* yenye *s* iliyolainishwa, ٲسؠ. Jinsia na wingi vimebebwa na irabu na ile yee basi.

Sasa andika "sisi tulikuwa". Kwa ukamilifu ni أسؠ ٲسؠ. Neno la kwanza ni "sisi", lenye *ə* fupi. La pili ni "tulikuwa", lenye *ə* ndefu. Kibodi ya Kiurdu kwa kawaida haina ٲ wala ؠ, kwa hiyo mwandishi mwenye haraka huweka alifu tupu na yee ya kawaida: اسی اسی. Maneno mawili yamekuwa neno moja lililorudiwa. Aliyezoea Kiurdu atasoma "hii hii", "ile ile", au hata 80, kwa sababu Kiurdu huyaandika yote hayo kwa herufi hizo hizo. Mkashmiri ataelewa kutokana na mazungumzo, na hapo ndipo uvivu unapopata kibali: ujumbe umefika, alama za nini?

Lakini si uvivu peke yake. Kiurdu kimekuwa lugha ya serikali huko tangu 1889, na Kikashmiri kiliingia katika orodha ya lugha rasmi za Jammu na Kashmiri mwaka 2020 tu. Wengi wamefundishwa kusoma Kiurdu darasani na Kikashmiri wamekipata nyumbani kwa masikio. Mtu wa namna hiyo hata akipewa kibodi kamili, na siku hizi zipo za kuongeza kwenye simu, bado hajui kwa hakika ni hamza ipi iende wapi.

Mashine nazo zilichelewa. Yunikodi, mfumo unaoipa kila herufi namba yake, iliipokea ؠ mwaka 2010 kwa namba U+0620. Herufi kuwa na namba hakutoshi. Fonti nayo lazima iwe na umbo lake. Isipokuwa nalo, simu huazima umbo kutoka fonti nyingine, na neno huonekana limekatika: nusu imeinama kwa mwandiko wa nastaliki, nusu imenyooka kama chapa ya gazeti la Kiarabu. Ukiona hivyo, kosa ni la fonti, si la mwandishi. Ukiona ukurasa mzima wa Kikashmiri usio na ٲ hata moja wala ؠ hata moja, hapo alama ziliachwa wakati wa kuandika, maana herufi hizo hutokea mara nyingi mno kukosekana kwa bahati.

Hasara kubwa huonekana wakati wa kutafuta. Jina la lugha yenyewe ni کٲشُر, lakini wengi huandika کاشر. Programu nyingi za kutafuta hujua kupuuza dhuma, kwa kuwa ni alama inayowekwa juu ya herufi na inaweza kuondolewa. ٲ haiondoleki hivyo: katika Yunikodi ni herufi moja isiyogawanyika, U+0672, si alifu pamoja na kitu juu yake. Basi anayetafuta کاشر hatayapata maandishi ya waliojitahidi kuandika sawasawa, mpaka mtengenezaji wa programu aiambie kwamba herufi hizo mbili zihesabiwe kuwa moja.